Kuku Aliyebaki Uani kwa Madame

Siku yangu ya kwanza ya kazi huko Beni nilikuta sweta ya mtu kwenye msumari, nyuma ya kiti nilichoonyeshwa kuwa ni changu. Ilikuwa ya buluu, imefumwa kwa mkono, na kifungo chake kimoja kilikuwa kimepotea, mahali pake pakashonwa kifungo cha shati la mwanamume. Nikauliza ni ya nani. Mfagiaji aliinama akatazama ndoo yake. Dereva aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, "Uiache tu pale, dada," kisha akatoka nje kupangusa kioo cha gari ambacho kilikuwa kinang'aa tayari.

Nikaiacha. Beni ni mji wa joto, sweta ni ya nini? Mwenye kuivaa lazima alitoka kule juu, Butembo au Lubero, ambako ukungu huingia asubuhi mpaka jikoni na kukaa na watu motoni. Alikuja akidhani baridi ya kwao itamfuata. Hata mimi nilikuwa na sweta mkobani. Nikakaa nimeipa mgongo ile ya buluu, na kila upepo ulipopita dirishani mkono wake mmoja ulinigusa bega, taratibu, kama mtu mwenye neno la kusema ambaye hataki kukukatizia kazi.

Ilikuwa miaka ya uasi. Miji ya Beni na Butembo ilikuwa na wakubwa wake, ushuru wake na vizuizi vyake, na Kinshasa kwetu ilikuwa sauti ya redio tu. Baba yangu alikuwa msafirishaji wa Beni, Mwislamu, mtu wa mbao na mchele. Wanajeshi waliazima lori lake kwenye barabara ya Oicha, mbele kidogo ya Mbau, wakasema watalirudisha jioni. Tangu hapo akawa anakaa msikitini kutoka swala moja hadi nyingine. Ucha Mungu alikuwa nao, lakini pia msikitini hakuna aliyemuuliza habari za lori. Mimi nikapelekwa Butembo kwa dada mkubwa wa mama yangu, Mkatoliki, mwuzaji wa vitunguu na karoti za Kirumba. Nilikuwa na diploma yangu ya sekondari, na nilifundisha shule ya msingi ambako wazazi walilipa walichokuwa nacho. Mwezi mwingine walikuwa na maharagwe.

Ndipo mwalimu mwenzangu akaniambia kuna ajansi, ofisi ya kutafutia watu kazi, ghorofani juu ya duka la mabati. Mashirika ya wazungu yaliyokuja kwa ajili ya wakimbizi hayakuwajua watu wa hapa, kwa hiyo yaliiomba ofisi ile iwatafutie madereva, walinzi, watafsiri. Mwenye ofisi alikuwa mama mmoja ambaye wote walimwita Madame.

"Hauwezi kwenda mikono mitupu," akasema mama mkubwa nilipomwambia. Alikuwa tayari anamfukuza jogoo mwekundu uani.

"Mama mukubwa, kule ni bureau, ni ofisi. Bureau haikule kuku."

"Na ule Madame, hana tumbo? Unaenda kumuomba kazi ao unaenda kumuomba saa?" Akamkamata jogoo kwa miguu. "Mutu akikula kuku yako, amekuwa mutu wako. Hata akitaka kukusahau, tumbo yake itakataa."

Kwetu Wanande hiyo si hongo. Hongo hutolewa gizani, kuku hubebwa barabarani mchana, akipiga kelele, ili kila mtu aone kwamba nyumba moja imetuma kitu kwa nyumba nyingine. Nilipanda ngazi za duka la mabati na jogoo kwapani. Kwenye ngazi ya juu kabisa alikuwa amesimama kuku mwingine, mweupe, shingo haina manyoya, na kitambaa chekundu kimefungwa mguuni mwake. Alinitazama kwa jicho moja. Nilidhani ameletwa na candidat, mwombaji kazi aliyenitangulia.

Madame alikuwa mwanamke mpana, wa sauti ya chini, miwani yake imening'inizwa kwa kamba. Alimpokea jogoo kwa mikono yote miwili, kama inavyopasa, akashukuru kwa Kinande, "Wasingya," akamkabidhi secrétaire, karani wake. Kisha akanikalisha.

"Ujue kitu moja mbele ya yote," akasema. "Hapa candidat hapana kulipa. Hata kidogo. Mwenye ananilipa mimi ni client, lile shirika lenye linatafuta mutu. Unaelewa?"

"Naelewa, Madame."

Nilielewa kwamba ana huruma. Hicho ndicho nilichokielewa. Nilikuwa nimezoea wakubwa wanaokula kwa maskini kwanza, na sasa nimempata mtu anayekula kwa matajiri. Haikunipitia akilini kujiuliza kwamba anayekula mahali fulani hulinda chungu cha mahali hapo.

Akasema shirika moja la Beni limebaki bila mtafsiri, kisha akaniuliza mengi, na kwa upole uliofungua moyo. Shuleni banakupa nini? Nikasema. Na shirika likikupa kidogo tu zaidi ya ile, unaweza kukubali? Nikasema ndiyo, haraka, hata kabla hajamaliza. Nyumbani nani anakutegemea? Nikasema. Na kitu gani unaogopa, mutoto wangu, uniambie sasa, nisikuye kusikia kesho? Hapo nikamweleza habari za lori la baba. Nikasema naweza kufanya kazi popote Butembo, popote Beni, lakini barabara inayovuka Mbau naiogopa kama kaburi.

Madame akaweka kalamu chini. Akanishika mkono. "Ile uniachie mimi. Hapa niko kama mama yako. Najua namna ya kubaeleza."

Nikasikia mzigo ukishuka kabisa mgongoni. Nikathubutu kuuliza: "Na mwenye alikuwa na iyi kazi mbele, alienda wapi?"

"Aliacha," akasema Madame. Akaangalia dirishani. Chini, uani, yule kuku mweupe alikuwa akilia kama wanavyolia wakishataga.

*

Shirika liliniita Beni kwa mazungumzo. Mkuu wa kituo, mzungu mrefu mwenye ngozi iliyobabuka puani, ambaye watu wote walimwita Chef, alinipa maneno ya Kifaransa niyatie katika Kiswahili, kisha katika Kinande, na mtu mwingine akasikiliza kama nimesema sawasawa. Kuhusu barabara hakuniuliza. Mimi nami sikusema. Ningesemaje tena, wakati Madame, mama yangu wa Butembo, alikwisha kunisemea? Ingekuwa kama kumwonyesha kwamba simwamini. Nikatia sahihi mkataba na shirika, wenye miezi ya majaribio mwanzoni kama mikataba yote, na Madame akanipigia makofi mlangoni mwa ofisi yake kama shangazi wa bibi harusi.

Majuma ya kwanza tulifanya kazi mjini. Wakimbizi walikuwa wamejaa mashuleni na makanisani katika commune ya Ruwenzori, sehemu moja ya mji, na mimi nilisimama kati yao na wazungu, nikibeba maneno kwenda na kurudi. Ni kazi ya ajabu. Mama mmoja anakuambia kwa Kinande mahali alipomwacha mtoto wake, nawe unasema kwa Kifaransa "nilimwacha", na kinywa chako ndicho kimesema. Jioni nilikuwa nimewaacha watoto wengi. Nilirudi chumbani nikiwa sijui kilio kipi ni changu.

Na sweta ilikuwa palepale. Hakuna aliyelitaja jina la mwenyewe, lakini alikuwa kila mahali. Kikombe kimoja cha kijani hakuna aliyekinywea. Mama muuza maandazi, langoni, asubuhi ya kwanza alinipa maandazi pamoja na pilipili bila mimi kuomba, kisha akashtuka, akachukua pilipili yake. "Pardon. Mwenzako njo alikuwa anapenda ile." Njo, kwetu, ni ndiye. Wakimbizi wengine waliponiona nikishuka garini waliinuka, nyuso zimefunguka, halafu nilipokaribia walikaa tena.

Nilimwuliza mfagiaji. Akasema aulizwe dereva. Nilimwuliza dereva. Akasema gari lina shida ya breki.

Kisha siku moja Chef akatangaza kwamba juma lijalo tutakwenda ng'ambo ya Mbau, kuna watu wametoka msituni. Akataja gari, mablanketi, majembe, na mtafsiri. Alinitazama kama unavyotazama kitu kilichomo kwenye hesabu tayari. Nilingoja amalizie, aseme isipokuwa huyu, Madame alinieleza. Hakumalizia. Alifunga kitabu chake akaenda kula.

Nikatoka nje. Dereva alikuwa anaosha gari chini ya mti wa parachichi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya sala iliyofifia, na baba yangu alimfahamu tangu walipokuwa wakishindana barabara ya Kasindi. Nikachukua kitambaa cha pili, nikaanza kuosha upande wangu wa gari. Tukaosha mpaka nikafika kwenye taa. Mwishowe nikasema:

"Banasema nami nitaenda Mbau."

"Nimesikia."

Nikamwita kama mdogo anavyomwita kaka au dada mkubwa: "Yaya, mwenye sweta ile alienda wapi?"

Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye tairi. Alikamua kitambaa mpaka hakukuwa na kitu cha kukamua.

"Mimi njo nilikuwa naendesha," akasema. "Tulikuwa tumevuka Mbau, hata hatukuenda mbali sana. Bakatoka kwa majani. Batu ba bunduki, batoto tu, mais lakini na mukubwa wao mumoja. Hakujua Kifaransa, hakujua Kinande, Kiswahili yake ilikuwa ya kuvunjika. Dada akashuka, akamusalimia kwa luga yake kidogo, ile alikuwa amejifunza kwa wakimbizi. Unajua vile alikuwa? Alikuwa anaweza kucheka na mutu yeyote. Ule mukubwa akafurahi. Akasema: huyu mutanipa, nimekosa mutu wa kunisemea. Kama vile mutu anaazima ndoo."

"Na ninyi?"

"Bakatuambia tugeuze gari."

Sikumwuliza waligeuzaje. Alikwenda upande wa pili, nikamsikia akiosha mahali palipokuwa pameoshwa. Kisha sauti yake ikaja kutoka nyuma ya gari, bila uso:

"Njiani alikuwa ameniambia, 'Mimi huku sikupaswa kuja. Nilimuambia Madame wa Butembo, akasema ataongea na bo. Labda Chef amesahau.' Nikamuambia, umukumbushe. Akasema, 'Aa, yaya, nitamupitaje Madame? Alikula kuku yangu.'"

*

Kesho yake nilipanda gari la abiria kwenda Butembo. Sikumbuki njia. Nakumbuka kwamba nilipanda zile ngazi nikiwa mikono mitupu, na kwamba kuku mweupe wa shingo tupu alikuwa palepale kwenye ngazi ya juu, na hakunipisha.

Madame aliniona usoni akamtuma secrétaire kununua chai.

"Uketi kwanza."

"Uliwaambia, Madame?"

"Uketi, nasema."

"Uliwaambia kama mimi naogopa barabara ya Mbau? Ndiyo ao hapana?"

Akavua miwani. "Hapana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa uongo nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga kutoka Beni.

"Nisikilize vizuri," akasema. "Ule client alinilipa kwa mutu mumoja. Na contrat yetu na ye inasema: mutu akitoka mbele miezi tatu haijaisha, mimi namutafutia mwingine bure. Njo garantie. Bila ile hakuna client anakuya. Sasa ule mutu alitoka. Donc, basi, wewe nilikutafuta bure, mwanangu. Bureau iyi inataka loyer, kodi ya nyumba, secrétaire anataka kula. Na niende kwa ule client mara ya pili niseme, huyu naye anaogopa barabara? Atanijibu nini? Kazi yake ni ya barabara! Atachukua ajansi ya Goma."

"Alitoka? Madame, hakutoka. Alichukuliwa."

"Najua alichukuliwa!" Alipiga meza, kisha akatazama kiganja chake kana kwamba ni cha mwingine. Sauti ikarudi chini. "Najua. Mama yake anakuyaka hapa kila siku ya soko. Hanitukane. Anaketi pale penye uko unaketi, anakunywa maji, anaenda."

Niliinuka kidogo kitini bila kukusudia. Kisha nikakaa tena.

"Ulisema uko kama mama yangu."

"Na nilikuambia pia nani ananilipa. Mbele hata ya kukuuliza jina. Yote mbili nilisema, mwanangu, na yote mbili ilikuwa kweli. Wewe ulichukua yenye ilikuwa tamu."

Kuku akaingia. Aliingia kama mwenye nyumba, akapita chini ya meza, kitambaa chake chekundu kikiburuzwa. Madame alisogeza mguu ampishe. Ndipo nikatambua.

"Ule ni yake."

"Aliniletea siku yake ya kwanza. Nilikuwa nangojea Noël, siku ya Krismasi." Madame hakuwa akinitazama. "Noël ikakuya. Secrétaire akaleta kisu, nikamuambia rudisha. Akasema basi tumuuze. Nani atamuuza? Anataga kila siku, na mayai sijui nipeleke wapi. Ninampa mama yake, anakataa."

"Na yangu?"

"Yako tulikula. Alikuwa munono."

Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka. Yeye pia, nadhani. Kitu fulani kilipita mdomoni mwake kisha kikafa. Nje tshukudu, vigari vya miti vya magurudumu mawili, zilikuwa zinashuka na mbao, watu wakipigiana kelele, maisha yakiendelea bila kutuuliza. Chai ikaletwa. Hakuna aliyekunywa.

Niliposimama kuondoka akaniambia neno moja ambalo mpaka leo nalichukua kuwa ndiyo malipo ya jogoo wa mama mkubwa. Alisema: "Neno lako ukitaka lifike kwa client, ulibebe mwenyewe. Mimi nikilibeba litafika, mais litafika limekuwa dogo. Si roho mbaya. Litapita kwa mufuko wangu kwanza."

*

Niliporudi Beni, Chef alinisikiliza amesimama kando ya kiti changu. Nilimwambia kwa Kifaransa, bila mtafsiri kati yetu, na nilishangaa jinsi maneno yanavyokuwa mazito yanapokuwa ya kwako mwenyewe. Nilisema naogopa barabara ile, na sababu. Nilisema nilikuwa nimelisema jambo hili Butembo kabla ya kuajiriwa, na naelewa sasa kwamba halikufika.

Alisema ajansi ilimhakikishia kwamba niko tayari kwa safari zote. Ndicho kitu cha kwanza walichokuwa wameomba: mtu aliye tayari kwa safari zote.

"Hata yule wa kwanza?" nikauliza.

"Hata yule wa kwanza. Hakuwahi kuniambia kitu."

"Alisema, Chef. Alisemea Butembo."

Macho yake yalikwenda kwenye msumari, kwenye sweta ya buluu. Nilimwona akitafuta namna ya kurudi nyuma, siku kwa siku, mpaka siku ambayo angeweza kumwuliza yule dada swali moja la dakika moja na hakumwuliza. Wakati ule nilidhani atalia. Hakulia. Alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi yake ilikuwa na watu waliotoka msituni wasio na blanketi, na nani angeweza kusema wale si watu?

Safari ya juma lile waliifuta. Lakini baada ya siku chache aliniita, akasema kwa upole kwamba nafasi ile imeandikwa kwa ajili ya barabara, haina kazi ya mjini pekee, na kwa kuwa bado niko kwenye majaribio, afadhali tuachane vizuri. Alinilipa siku zote nilizofanya. Hakunidhulumu chochote. Alikuwa mtu mwema aliyehitaji mtafsiri, na mimi nilikuwa mtafsiri aliyesema hapana. Nilipotoka nilisimama mbele ya msumari, nikafikiri niichukue sweta nimpelekee mama yake. Dereva akatikisa kichwa.

"Uache. Akirudi ataiuliza."

Kwa hiyo niliiacha kwa mara ya pili.

Mama mkubwa alinipokea na karoti mikononi. Nilimweleza yote. Akawa anafuta udongo kwenye karoti moja tu, ile ile.

"Kwa hiyo kuku yangu balikula bure."

"Hapana bure, mama mukubwa."

"Bure!" akasema. "Kuku kama ule! Mutu ambaye tumbo lake halikumbuke, ule ni mutu wa namna gani?" Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliweka chumvi mara mbili kwenye sombe, kisamvu chetu, na tukala hivyo hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Nikarudi shuleni, kwenye maharagwe.

*

Diploma yangu ya asili ilibaki kwa Madame. Nilikwenda kuichukua asubuhi moja ya ukungu, na mbele ya duka la mabati nikaliona gari la shirika, dereva wetu ndani, redio inaimba polepole. Alinyoosha kidole juu. "Chef iko kule. Amekuya kuona mupya mwenyewe." Lilikuwa deni la Madame bado: garantie ilimdai mtu mwingine bure.

Mupya alikuwa bado hajapanda. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, sketi yake ya buluu ya shule, viatu vimefutwa kwa majani, na kwapani mwake alikuwa na mtetea mweusi mnene ambaye lazima alikuwa fahari ya uwanja mzima.

"Yaya," akaniuliza, "njo hapa banatafutaka batu kazi?"

"Njo hapa. Umetoka wapi?"

"Kirumba. Nililala njiani, mvua ilikata barabara." Alimpapasa kuku. "Iyi ni ya Madame. Mama alisema tusimuaibishe."

"Hata mama yangu mukubwa alisema vile."

Alicheka, meno madogo, mtu anayeweza kucheka na yeyote. Nikakaa kando yake kwenye saruji baridi, nikamweleza. Sikumficha kitu na sikuongeza. Sweta, barabara, Madame, nani anamlipa Madame na kwa nini safari hii hakulipwa, na jinsi neno linavyosinyaa likipitia mfuko wa mtu mwingine. Alinisikiliza akitazama mbele, mkono wake ukienda na kurudi juu ya mgongo wa kuku. Kule juu kuku mweupe alikuwa amejitokeza kwenye ngazi yake, akitutazama kwa jicho moja.

"Mushahara," akasema mwishoni, "banalipaka kweli?"

"Banalipaka. Kila mwezi."

"Nyumbani tuko wengi."

"Najua."

"Na ule wa gari, Chef, njo client?"

"Njo yeye. Ukipata kazi, yeye njo patron, mukubwa wako, si Madame. Kitu Madame akikukubalia, hakuna mutu amekukubalia."

Akawaza. Kisha akasimama, akajifuta vumbi la saruji, na kwa uangalifu wote, kama mtu anayempa jirani mtoto, akaniwekea kuku mikononi.

"Unishikie," akasema. "Sijue kama nitamuhitaji."

Alipanda. Kuku mweupe alimpisha, jambo ambalo mimi hakunifanyia. Dirisha la Madame lilikuwa wazi na ukungu ulikuwa unaingia ndani polepole. Nilisikia salamu, viti, sauti ya Madame, ya chini, yenye joto, ile ile iliyonifungua mimi: keti, mutoto wangu, mimi nimekwisha kumueleza Chef yote.

"Wasingya, Madame," ikajibu sauti ya Kirumba. "Mais nataka nimuulize mwenyewe."

"Kuuliza nini?"

"Mwenye alikuwa mbele yangu, alienda wapi? Na mimi siku nikikataa barabara ya Mbau, kazi inabaki ao inaisha?"

Kiti kimoja kilisogea. Dereva alizima redio. Kuku mweusi alikuwa mzito na moto kifuani mwangu, moyo wake ukipiga kwenye vidole vyangu kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata. Kuku mweupe alishuka ngazi moja, nyingine, kitambaa chake chekundu kikigusa kila ngazi, akaja akasimama miguuni pangu, akainua ile shingo yake tupu kumtazama mwenzake.

Kule juu Madame akamtuma secrétaire kununua chai. Nikamsikia msichana akirudia swali lake tangu mwanzo, safari hii kwa Kifaransa, polepole, kila neno likiwa safi, kama mtafsiri mzuri anavyofanya anapoona mtu anajifanya hakuelewa.